Virusi vya B vimetulia, mbona ini linaendelea kuharibika?

Kuna jibu la maabara ambalo huwafurahisha wagonjwa wengi wa hepatitisi B, lakini mimi hunifanya nisite kabla ya kusema lolote. Wingi wa virusi vya B ni mdogo, pengine hata mashine haikuviona. Mistari michache chini yake, vimeng'enya vya ini, ALT na AST, viko juu mara tatu ya kawaida. Mgonjwa akiiona ile namba ya kwanza anamshukuru Mungu. Mimi najiuliza: kama virusi vya B vimetulia kiasi hiki, ni nani anayeliumiza ini?

Mara nyingi jibu ni la kawaida: pombe, mafuta kwenye ini, dawa fulani ya miti shamba, au hepatitisi C iliyojificha. Hayo yote huulizwa, na ni haki yaulizwe. Kinachosahaulika ni kirusi kingine kidogo kabisa, hepatitisi D, ambacho wengi wetu tunakiita delta. Kinasahaulika kwa sababu hakimpati mtu asiye na B, na kwa sababu kipimo chake hakimo kwenye orodha ya vipimo vya kila siku katika hospitali zetu nyingi.

Nieleze kisa kimoja. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Ni mwanaume wa miaka 34, mzaliwa wa Kisangani huko Kongo, anauza vitenge Kariakoo. Aligundulika ana B alipokwenda kuchangia damu kwa ajili ya ndugu yake, akaanzishiwa tenofovir, dawa ya kuituliza B, mahali pengine, na alipofika kwangu alikuwa ameimeza zaidi ya mwaka mzima. Malalamiko yake yalikuwa uchovu na uzito upande wa kulia chini ya mbavu. Pombe hanywi. Wingi wa virusi vya B ulikuwa chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu. ALT ilikuwa 144, AST 118, na chembe sahani za damu zilikuwa elfu 108 tu, wakati kawaida huanzia elfu 150.

"Daktari, mimi dawa sikosi hata siku moja," aliniambia, na namba za B zilionyesha kweli hakosi. "Sasa hili ini linauma kwa nini?"

Kwa namba hizo mtu anaweza kupiga hesabu ya haraka iitwayo APRI, ambayo haihitaji mashine ya gharama. Unachukua AST na kuigawa kwa kiwango chake cha juu cha kawaida, hapa 118 kwa 40, unapata 2.95. Unagawa tena kwa chembe sahani, 108, kisha unazidisha kwa 100. Jibu ni kama 2.7. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kuhusu hepatitisi B, kwa mtu mzima namba ikizidi 1 ni dalili kwamba huenda ini limeshafikia sirosisi, yaani limejaa makovu na kuanza kusinyaa. Mwanaume wa miaka 34, asiyekunywa, anayemeza dawa yake vizuri, kwa nini awe na makovu kiasi hicho? Nikaagiza kipimo cha kingamwili za delta. Kikarudi chanya. Sampuli ya pili ikapelekwa nje ya nchi kuhesabu RNA ya delta yenyewe, yaani uzi unaobeba maelezo ya kirusi, na baada ya kusubiri sana jibu lilikuja: zaidi ya milioni moja kwa kila mililita.

Ili jibu hilo lieleweke inabidi turudi Turin, Italia, miaka ya 1970. Daktari Mario Rizzetto alikuwa akichunguza vipande vya ini vya watu wenye B kwa rangi zinazong'aa chini ya darubini, kila rangi ikiwa imefungwa kwenye kingamwili ya protini fulani. Katika viini vya seli za baadhi ya wagonjwa aliona kitu kinang'aa ambacho hakikulingana na protini yoyote ya B iliyojulikana wakati huo. Alikitangaza mwaka 1977 na kukiita antijeni ya delta. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba ni protini nyingine ya B. Ilikuwa dhana ya busara, maana haikuonekana kamwe kwa mtu asiye na B.

Jambo lililoivunja dhana hiyo ni majaribio ya sokwe aliyoyafanya pamoja na Wamarekani Robert Purcell na John Gerin, yaliyochapishwa mwaka 1980. Sokwe walidungwa damu ya mgonjwa mwenye delta. Wale waliokwisha kuwa na kinga dhidi ya B hawakupata chochote. Wale waliokuwa wakiishi na B ya kudumu walijaa delta upesi, na ini likavimba; jambo la ajabu ni kwamba wakati delta inapanda, alama za B zilishuka. Protini ya B isingefanya hivyo. Ndani ya damu yao walikuta chembe zenye upana wa kama nanomita 36. Ganda la nje lilikuwa la B, ile HBsAg tunayoitafuta kwenye kipimo cha kwanza, lakini ndani kulikuwa na antijeni ya delta na RNA ndogo isiyo ya B. Kilikuwa kirusi kingine kabisa, kimevaa ganda la mwenzake. Waswahili tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Delta imesitirika nayo kwa muda wote wa maisha yake.

Kwa nini iazime? Kwa sababu haina nafasi ya kubeba maelezo ya ganda lake yenyewe. RNA yake ni duara la herufi kama 1,700 tu, dogo kuliko la kirusi chochote cha wanyama tulichokuwa tunakijua. B yenyewe, ambayo nayo ni ndogo, ina kama 3,200. Katika herufi hizo chache delta inaandika protini moja tu, ile ile aliyoiona Rizzetto. Haina hata kimeng'enya cha kunakili RNA yake. Ikishaingia kwenye kiini cha seli ya ini inakiteka kimeng'enya cha mwenyeji, polimerasi ya pili, ambacho kazi yake ya kila siku ni kusoma DNA yetu, na kukifanya kisome RNA. Kimeng'enya kinazunguka duara mara nyingi bila kusimama na kutoa uzi mrefu wenye nakala zilizoungana. Kisha uzi unajikata wenyewe: kipande cha RNA ya delta ni raibozaimu, yaani RNA yenye uwezo wa kukata. Vipande vinafungwa kuwa duara tena. Seli moja inaweza kukusanya nakala zinazofikia 300,000.

Hapa kuna jambo ambalo hata wahudumu wengi wa afya hulikosea, na ndilo lililokuwa linamsumbua mgonjwa wangu. Watu husema delta haiwezi kuzaliana bila B, na kwa kirusi kizima ni kweli. Lakini kunakili RNA ndani ya seli hakuhitaji B hata kidogo. Katika panya waliopandikizwa seli za ini la binadamu, delta ilidumu ndani ya seli hizo kwa wiki kadhaa bila B kuwepo, na B ilipoletwa baadaye ikaanza kutoka na kusambaa. Utegemezi uko kwenye mlango, wa kutoka na wa kuingia.

Kwenye kutoka, delta inafanya jambo la ustadi mkubwa. Protini yake moja ina sura mbili. Ile fupi, yenye asidi amino 195, inasaidia kunakili. Kadiri siku zinavyokwenda, kimeng'enya cha seli kinabadilisha herufi moja kwenye RNA, alama ya "simama" inafutika, na protini inayosomwa baadaye inatoka ndefu zaidi kwa asidi amino 19. Hii ndefu inazuia kunakili na kuanzisha ufungaji. Mwishoni mwake seli inaibandika kipande cha mafuta kiitwacho fanesili, na kwa kipande hicho inashikamana na HBsAg. Bila HBsAg, RNA na protini zinabaki ndani. Zikishavikwa ganda zinatoka kwenda kwenye damu.

Kwenye kuingia, ganda hilo hilo ndilo linalotambuliwa na seli nyingine. Sehemu yake ya mbele inashika protini ya NTCP iliyo juu ya seli ya ini, ambayo kazi yake halisi ni kurudisha chumvi za nyongo kutoka kwenye damu. Mlango huu ulijulikana mwaka 2012 kwa kazi ya kundi la Wenhui Li huko Beijing. Na kwa kuwa ganda ni moja, mlango ni mmoja kwa B na kwa delta.

Sasa turudi kwenye tenofovir. Dawa hii inaizuia B inapogeuza RNA yake kuwa DNA mpya. Kwa hiyo DNA ya B kwenye damu inaporomoka, na kipimo cha wingi wa virusi kinatoa jibu zuri. Lakini HBsAg haitoki katika hatua hiyo. Inasomwa kutoka kwenye DNA ya B iliyokwisha kujikita kwenye kiini cha seli, na pia kutoka kwenye vipande vya DNA ya B vilivyojichomeka ndani ya kromosomu za mgonjwa, ambavyo haviwezi kamwe kutengeneza kirusi kamili cha B lakini vinaendelea kutoa ganda mwaka baada ya mwaka. Tena mtu mwenye B hutoa ganda tupu kwa wingi wa kustaajabisha: zile chembe za HBsAg zisizo na kitu ndani zinaweza kuzidi virusi kamili mara elfu moja na zaidi. Delta haikosi cha kuvaa. Mgonjwa wangu alikuwa anameza dawa inayofanya kazi yake sawasawa, dhidi ya kirusi ambacho si hicho kilichokuwa kinamla ini. Delta yenyewe hukandamiza unakili wa B, kwa hiyo hata bila dawa ingewezekana akaonekana na B kidogo.

Nilimchorea haya kwenye karatasi. Aliitazama muda mrefu, akauliza swali ambalo ndilo hasa la kuulizwa: "Hii ya pili niliipata lini?"

Sijui, na hakuna kipimo kitakachosema. Lakini mpangilio wa kuipata una uzito mkubwa. Mtu mzima ambaye hakuwa na B wala delta, akaambukizwa zote mbili siku moja kwa damu au kwa ngono, hupata homa kali ya ini, wakati mwingine kali ya kuua. Akivuka hapo, mara nyingi hupona zote: kinga ya mtu mzima huiondoa B, ganda linakwisha, na delta inakosa njia ya kusambaa. Chini ya watu 5 kati ya 100 hubaki na ugonjwa wa kudumu. Mambo hugeuka kwa mtu aliyekuwa na B ya kudumu tangu zamani, kisha delta ikaja baadaye. Huyu ini lake zima limeshajaa ganda, na halitaisha. Kwa watu wa namna hiyo delta hudumu kwa walio wengi, kama 80 au 90 kati ya 100.

Na sisi Waafrika wengi wenye B tuliipata utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzetu kabla ya miaka 5, umri ambao B hupenda kudumu. Kwa hiyo delta ikifika inamkuta mtu aliyekwisha kuandaliwa. Haijasambaa sawasawa. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2017 zilionyesha kwamba Afrika ya Kati kama robo ya wenye B wana kingamwili za delta, Afrika Magharibi ni kama 7 kati ya 100, na Afrika Mashariki na Kusini ni wachache mno. Hiyo ndiyo sababu kuzaliwa Kisangani kulinifanya niagize kipimo upesi. Lakini watu husafiri, huoana na kuhamia, na mahali ambapo hakuna anayepima, uchache kwenye takwimu haunipi usingizi.

Limebaki swali la kwa nini ini linaharibika haraka zaidi. Wakati B peke yake ingechukua miongo kadhaa kuleta sirosisi, wagonjwa wengi wenye delta hufika huko ndani ya miaka 5 hadi 10, na wachache ndani ya mwaka mmoja au miwili. Sehemu kubwa ya uharibifu haifanywi na kirusi kwa mkono wake, inafanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe. B ni kirusi kimya. Hujificha vizuri kiasi kwamba seli haijui imeingiliwa. Delta inapiga kelele. Maelfu kwa maelfu ya RNA zilizojikunja mara mbili zinatambuliwa na kipokezi cha ndani ya seli kiitwacho MDA5, na seli inatoa intaferoni kuita msaada. Tabu ni kwamba ndani ya seli iliyotulia delta haishtushwi sana na intaferoni hiyo. Kwa hiyo wito unaendelea, askari wa kinga wanaendelea kumiminika, wanaua seli za ini, na anayetafutwa bado yupo.

Zaidi ya hapo, protini ile ndefu huchochea ishara za TGF-beta, na ishara hizo ndizo zinazoziamsha seli za nyota, ambazo kazi yake ni kutandaza kolajeni mahali palipoumia. Kidonda kidogo kikipona, kolajeni huondolewa. Kidonda kisipofunga hata siku moja, kolajeni inarundikana, damu inapita kwa shida, bandama inavimba na kuzinasa chembe sahani. Ndiyo maana 108 ya mgonjwa wangu ilikuwa taarifa ya ini ingawa ilitoka kwenye kipimo cha damu nzima.

Kinachonisikitisha zaidi ni hiki: seli za ini zikifa, zilizobaki hugawanyika ili kuziba pengo, na seli yenye delta ikigawanyika inazirithisha RNA hiyo seli binti zote mbili, bila ganda na bila kupitia NTCP. Juhudi za ini kujikarabati zinageuka kuwa njia nyingine ya delta kuenea. Na kila mgawanyiko katikati ya uvimbe ni nafasi ya kosa la DNA. Hatari ya saratani ya ini kwa mwenye delta ni mara 2 hadi 6 ya mwenye B peke yake, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba wakala wake wa utafiti wa saratani umeiweka delta kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Matibabu yanafuata ile ile milango. Kwa kuwa delta haina kimeng'enya chake, hakuna cha kulenga pale, na hilo limewachelewesha watafiti kwa miaka mingi. Bulevirtaidi ni nakala ya ile sehemu ya ganda inayoshika NTCP. Inadungwa chini ya ngozi kila siku, inaziba mlango, na seli mpya haziambukizwi. Ulaya iliiruhusu kwa masharti mwaka 2020 na kikamilifu mwaka 2023. Haigusi RNA iliyokwisha kuwa ndani, ndiyo maana hutumika muda mrefu na wengi hurudiwa wakiiacha. Lonafarnibu inazuia ubandikaji wa fanesili, yaani ufungaji. Na ipo intaferoni ya sindano ya kila wiki kwa wiki 48, ambayo huifanya RNA isionekane kwa kama robo ya wagonjwa au zaidi kidogo, wengine ikirudi miaka baadaye.

Bulevirtaidi hatukuweza kuipata. Tulimwanzishia intaferoni, kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ya chembe sahani, na tenofovir hakuiacha. Miezi ya kwanza alipata homa baada ya kila sindano, akakonda, na mkewe akanipigia: "Daktari, shemeji yako amekuwa mkimya, hataki hata kuongea na watoto." Intaferoni hufanya hivyo, tulipunguza dozi kwa muda na akaongea na mshauri. Mwishoni RNA ilikuwa imeshuka kutoka milioni hadi elfu chache, haikwisha. ALT ilirudi 51. Kila baada ya miezi 6 anafanya ultrasaundi ya ini kutafuta uvimbe ungali mdogo. Mkewe alipimwa, hakuwa na B, akachomwa chanjo dozi zote tatu. Chanjo hiyo ya B inatengenezwa kwa HBsAg yenyewe, kwa hiyo kingamwili zake zinalikamata ganda bila kujali ndani yake kuna B au delta. Kaka zake wawili walioko Kisangani wameambiwa wapimwe. Mmoja amepimwa, ana B, na kipimo cha delta bado anakisubiri.

Kwa msomaji mwenye B, jambo la kumuomba daktari ni kipimo cha kingamwili za delta, hata mara moja tu katika maisha, na kirudiwe ALT ikipanda ghafla bila sababu. Kikirudi chanya hakimaanishi lazima kwamba kirusi kipo sasa, kwa sababu kingamwili hubaki hata kwa aliyepona. Ndipo RNA inapimwa. Na RNA ikisoma hasi kwa mtu ambaye ALT yake inazidi kupanda, uliza maabara kama kipimo chao kinazikamata aina zote nane za delta, maana namba 5 hadi 8 ni za Afrika na vipimo vingine vilivyotengenezwa mbali na huku vimewahi kuzipunja au kuzikosa kabisa.